Muwa Unaoingia Mara ya Nne

Binti wa kaka yangu alirudi kutoka Zanzibar na picha mia tatu na ushee ndani ya simu. Ile aliyoipenda kuliko zote ilipigwa Forodhani baada ya magharibi. Mzee mwenye kofia ya kufuma amesimama nyuma ya mashine ya kukamulia miwa. Mkono wa kulia umeshika gurudumu, wa kushoto unasukuma muwa katikati ya vyuma viwili, na juu yake taa inaning'inia. Nyuma kuna moshi wa mishikaki na sura za watu zisizoonekana vizuri. Ni picha nzuri. Chini yake alikuwa ameandika hivi:

"Zanzibar siku 4: Forodhani, Ngome Kongwe, Darajani, Changuu, Jozani, Nungwi, Kendwa. Asante Mungu kwa safari njema."

Akaniuliza, "Shangazi, mbona watu wanabonyeza moyo tu na kupita? Hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu."

Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la picha la gazeti, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandika yale maneno machache yanayokaa chini ya picha. Nikamwambia kwamba picha yake ni ya mtu mmoja, mashine moja na muwa mmoja, lakini maneno yake yanataja sehemu saba, na sita kati ya hizo hazimo kwenye picha. Msomaji anamtazama mzee huyu, anashuka kusoma, anakuta Jozani na Nungwi. Akirudi juu hakuna Jozani wala Nungwi. Maneno na picha vimekwenda njia mbili, na yeye hana muda wa kuvifuata vyote.

Kuna jambo jingine kuhusu orodha ile. Ukiiweka chini ya picha ya bahari ya Nungwi, inafaa. Chini ya picha ya kobe wa Changuu, inafaa. Hata rafiki yake aliyekwenda mwezi mmoja kabla yake angeweza kuinakili na kuitumia bila kubadilisha neno, kwa sababu sehemu hizo ndizo zinazopangwa karibu kwenye kila ratiba ya siku nne Unguja. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kwanza: hamisha maneno, yaweke chini ya picha nyingine ya safari hiyohiyo. Yakikaa sawa, bado hujaandika maelezo ya picha hii.

Tukaketi barazani tuyaandike upya. Jaribio lake la kwanza lilikuwa la haraka:

"Muuza juisi ya miwa akikamua miwa Forodhani."

Hapa alishaacha orodha, na maneno yanahusu picha hii. Lakini angalia kitenzi. "Akikamua" ni mtindo wa magazeti yetu, na kila msomaji anaujua: kiongozi akikagua gwaride, wachezaji wakishangilia bao, wakazi wakichota maji. Hiyo "-ki-" ina kazi yake. Gazetini huenda msomaji hamjui aliyemo pichani, hivyo tunamtaja mtu, tunasema anafanya nini na wapi, tunaishia hapo. Kwenye picha ya safari, "akikamua" inarudia kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Hakuna anayetazama mashine ile na kudhani mzee anasaga unga.

Jaribio la pili lilikwenda upande mwingine:

"Usiku wa kipekee Forodhani: harufu tamu, taa za kuvutia, ladha isiyosahaulika!"

Orodha imerudi ikiwa imevaa nguo nyingine. Mwanzo tulikuwa na sehemu saba, sasa tuna sifa tatu. "Kipekee" haina kitu ndani yake mpaka useme ni kipi kilichokuwa cha peke yake. "Ladha isiyosahaulika" inamwambia msomaji kwamba mwandishi alifurahi, bila kumpa alichokionja. Nilimuuliza kama anaweza kufumba macho, asome maneno hayo, aone kitu chochote. Akacheka, akasema anaona bango la hoteli.

Basi nikaacha kuzungumzia maneno, nikaanza kumuuliza maswali kuhusu picha. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka. Wanadhani tatizo lao ni lugha, wanakwenda kutafuta sentensi tamu, na kumbe hawajakusanya bado cha kusema. Nilimwomba aipanue picha kwa vidole viwili na kuipitia polepole, kona hadi kona. Nikamuuliza: Mkono huu wa kushoto unafanya nini hasa? Kabla hujabonyeza, alikuwa amefanya nini? Dakika moja baadaye alifanya nini? Ulisikia nini? Ulilipa vipi? Alikwambia neno lolote?

Majibu yalianza kutoka kidogo kidogo. Gurudumu lilikuwa linakwaruza. Kulikuwa na paka chini ya meza. Juisi ilichujwa kwenye kichujio cha chai. Ndipo alipofika kwenye mkono wa kushoto, akasita.

"Alikuwa anaukunja," akasema. "Muwa ulikuwa umeshapita, umekuwa bapa kama ubua. Akaukunja mara mbili, akaweka tangawizi na ndimu katikati, akaurudisha mashineni. Ndiyo maana ile juisi ilikuwa inawasha koo."

Nikamwambia tumefika.

Majibu mengine nayo yalikuwa ya kweli. Paka angeweza kumfurahisha mtu, na kichujio cha chai ni kitu cha nyumbani kabisa. Kwa nini basi tuchague mkunjo wa muwa? Kwa sababu unatimiza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mwanzo wake umo ndani ya picha. Ukitazama vizuri unaona muwa umekunjwa, ncha mbili zimelala pamoja kwenye vidole vya mzee. La pili, mwisho wake haumo. Tangawizi na ndimu vimefunikwa, kamera haikuweza kuvipata, na ladha yake kooni kamera haina habari nayo. Maelezo mazuri ya picha huanzia kwenye kitu kinachoonekana, kisha yanamfikisha mtazamaji kwenye kile kisichoonekana. Paka hakuonekana kabisa pichani, kwa hiyo kumtaja kungemfanya msomaji amtafute bure. Kichujio kinaonekana chote, hakina kilichobaki nyuma yake.

Akataka kuviweka vyote vitatu. Ninamwelewa, maana ukishavikumbuka vinakuwa mali yako na kuvitupa kunauma. Lakini paka, kichujio na muwa vikikaa kwenye sentensi moja, tunarudi kwenye orodha ileile, safari hii ya vitu badala ya sehemu. Jicho la msomaji linapewa kituo kimoja tu kwenye picha. Ukilipa vitatu, halisimami hata kimoja. Paka ana picha yake nyingine kwenye simu, asubiri zamu yake.

Akaandika:

"Muwa huu umepita mashineni mara tatu. Kabla ya mara ya tatu mzee aliukunja, akaficha ndani yake tangawizi na ndimu."

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo wahariri wangu walikuwa wakiniuliza mpaka nikachoka nalo: umejuaje kuwa ni mara tatu? Akasema anakumbuka. Nikamwambia kumbukumbu inaipenda sana tatu. Hadithi zetu zimejaa ndugu watatu, vitendawili vitatu, siku tatu njiani, na mtu asipohesabu kwa makini, akili humpa tatu. Kwa bahati alikuwa amechukua pia video fupi ya mzee huyohuyo, muwa huohuo. Tukaicheza mara mbili. Muwa uliingia mzima, ukarudi ukaingia, ukarudi tena, ndipo ukakunjwa na kuingia mara ya nne. Ndimu ilikuwa nusu, aliikata kwa kisu kilichokuwa pembeni ya gurudumu. Na picha yenyewe ilikuwa ya wakati huo wa mara ya nne, muwa ukiwa umeshika njia kuelekea kwenye vyuma.

Kwa maelezo yenye jambo moja, jambo hilo likiwa si sahihi hakuna kinachobaki. Orodha ya sehemu saba inaweza kuwa na kosa moja na bado ikasimama. Sentensi inayosimama juu ya muwa mmoja haiwezi. Kama hakuna video wala mtu wa kumuuliza, iache namba. "Muwa huu umeshapita mashineni" inatosha, na ni kweli. Ukihisi unataka kuongeza chumvi ili jambo lipendeze, chagua jambo jingine.

Baada ya kuhesabu tukarudi kwenye vitenzi, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao wengi wetu tunauacha bila kuutumia. Sentensi yake ilikuwa na "-me-" mwanzoni kisha "-li-", yaani kila kitu kimekwisha. Lakini pichani bado haijaisha, muwa ndio kwanza unaingia. Kinachoonekana kikifanyika kinataka "-na-": unaingia. Kilichotangulia kidogo tu, ambacho matokeo yake bado tunayaona, kinataka "-me-": amekunja. "-li-" ni ya jambo lililokwisha na kuondoka, kama vile alivyolipa au alivyoondoka. Ukiyapanga hivi, msomaji anajua kipi akitafute kwenye picha na kipi akipokee kwako kwa kukuamini.

Nilimtahadharisha pia na "hu-". Alikuwa amefikiria kuandika kwamba wauzaji wa Forodhani hukunja muwa na kuweka tangawizi. Huenda ni kweli, maana juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu inajulikana sana pale. Lakini mara tu "hu-" inapoingia, mzee wetu anapotea na mahali pake inakaa desturi. Sentensi inakuwa ya kitabu cha wageni. Sisi tuna mtu mmoja mbele yetu, usiku mmoja.

Neno dogo linalofanya kazi kubwa kuliko yote ni "huu". "Muwa huu" ni kama kidole kinachogusa kioo cha simu. "Muwa ule" ungetupeleka mbali, na "muwa" peke yake ungekuwa muwa wowote. Ukiona maelezo ya picha yanaelea, jaribu kuweka kionyeshi cha karibu mbele ya kile kitu kimoja ulichokichagua. Mara nyingi sentensi nzima inajipanga kukizunguka.

Tulichobaki nacho ni hiki:

"Muwa huu unaingia mashineni mara ya nne. Ndani yake mzee amekunjia tangawizi na nusu ya ndimu."

Haifiki herufi 100, nafasi zikihesabiwa. Hili lina maana yake kwa mtu anayeweka picha Instagram. Pale unaruhusiwa herufi 2,200, lakini mtu anayepitia picha haoni maneno yote. Anaonyeshwa takriban herufi 125 za mwanzo, zilizobaki zinafichwa mpaka abonyeze. Maelezo ya awali ya binti yetu yalitumia karibu sehemu hiyo yote kwa majina ya sehemu na shukrani. Hata kama angeutaja mkunjo wa muwa mwishoni, wengi wasingeufikia. Ndiyo maana jambo lenyewe linakaa mwanzo kabisa, na kama una maneno ya ziada, ya shukrani au ya kumtaja mwenzako wa safari, yafuate baadaye.

Na Forodhani? Haimo tena kwenye sentensi, imekwenda mahali pake. Juu ya picha kuna nafasi ya kuandika mahali, ukiijaza jina linasomeka bila kuchukua nafasi ya maneno yako. Kama unaiandikia albamu ya karatasi au ukurasa wa jarida, lianze kwa wino mzito kabla ya sentensi: Forodhani, Unguja, na mwezi. Jina la mahali ni anwani ya picha. Inatakiwa iwepo, ila anwani haiwi barua.

Alikuwa bado na huzuni juu ya sehemu zake sita. Alitumia nauli, alitembea juani, anataka zijulikane. Haki yake. Orodha ya sehemu si kitu kibaya kila mahali. Mwenzake anayepanga kwenda mwaka ujao akiuliza tulikwenda wapi na kwa mpangilio gani, orodha ndiyo jibu, na iwe na siku, nauli na saa za boti. Kwenye kundi la familia, ambako mama anataka tu kujua mwanawe amefika wapi, orodha inatosha. Inaharibu pale inapowekwa chini ya picha ya kitu kimoja. Nilimshauri aweke picha saba, kila sehemu na picha yake, na kila picha na jambo lake moja.

Tulipofika kwenye picha ya Jozani tukakwama, na kukwama kwenyewe kunafaa kusimuliwa. Ni picha ya kima punju, wale kima wenye mgongo mwekundu ambao asili yao ni Unguja tu, amekaa kwenye tawi la chini. Mkononi ana kitu cheusi amekipeleka mdomoni. Nilipomuuliza ni nini akasema tunda. Tunda gani? Hajui. Nyeusi namna hiyo, kavu, lenye kingo? Tukaipanua picha mpaka ikaanza kuvunjika na hatukuwa na uhakika.

Hapa ndipo mtu hushawishika kuandika "kima akila" na kwenda zake. Lakini alikuwa na namba ya kijana aliyewatembeza msituni, akamtumia picha. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: huo ni mkaa, na mahali palipopigwa picha ni jirani na mashamba, ambako watu huchoma mkaa na kupikia. Kima punju wanaoishi karibu na vijiji vya Jozani wanajulikana kwa tabia hiyo. Wanakula majani ya miembe na mikungu, majani yenye protini nyingi lakini pia yenye kemikali zinazosumbua tumbo, na watafiti waliowafuatilia wanaeleza kuwa mkaa unazinasa kemikali hizo. Wanauokota kwenye matanuri ya zamani, kwenye majiko ya watu, kwenye visiki vilivyoungua.

Binti akataka kuyaweka yote hayo. Majani, kemikali, tumbo, watafiti. Nikamwambia ayaweke, lakini yasianze. Kinachoanza ni kile kitu cheusi mkononi, ambacho kila atakayetazama atakidhani ni kitu kingine kama sisi tulivyokidhani:

"Kima huyu hali tunda. Anatafuna mkaa."

Sentensi mbili, maneno sita. Kukosea kwetu wenyewe ndiko kulikotupa mwanzo, kwa sababu mtazamaji atakosea vilevile, na sentensi ya kwanza inamkuta palepale alipo. Maelezo ya majani na tumbo yanafuata chini kwa anayetaka.

Picha ya Ngome Kongwe ilitushinda. Ni yeye na rafiki zake wanne mbele ya ukuta, wameinua vidole viwili viwili. Nilimuuliza maswali yaleyale na hakuna kilichotoka. Hakuangalia ukuta, hakuzungumza na mtu, walikaa dakika kumi wakatoka. Angeweza kutafuta historia ya ngome na kuiweka pale, lakini hiyo isingekuwa habari yake wala ya picha ile. Tukaandika majina ya wasichana watano, kuanzia kushoto kwenda kulia, na jina la mahali. Baada ya miaka ishirini hayo ndiyo watakayoyatafuta, na picha ya watu haina haja ya kujifanya picha ya kitu kingine.

Kuhusu jina la mzee wa Forodhani, hakuliuliza. Gazetini ningemrudisha akaliulize, na akaombe ruhusa ya kuichapisha sura yake. Alisema mzee alimwona akipiga, akatabasamu, akaendelea na kazi. "Mzee" kwa hapa linabeba heshima, si pengo la kujaziwa, na ni bora mara kumi kuliko jina la kubuni. Lakini safari ijayo atauliza jina kabla ya kulipia juisi. Inachukua muda mfupi kuliko kuchagua rangi za kupambia picha.

Jioni ile akaiweka picha tena ikiwa na maneno mapya, na akaituma pia kwenye kundi la ukoo. Mama yangu, ambaye ni bibi yake, alikulia Turiani kwenye mashamba ya miwa ya Mtibwa, na kwa kawaida huwa hajibu picha za safari. Safari hii alituma sauti. Alitaka kujua kama mzee aliumenya muwa kwanza au aliuingiza na ganda lake, kwa sababu ganda likipita mara nne juisi inakuwa na uchungu.

Binti akaipanua picha tena. Hatukuwa tumeangalia chini kabisa, karibu na miguu ya mashine. Kulikuwa na ndoo ya bluu, imejaa maganda.